Picha ya kutengenezwa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Nahariri picha na video za habari hapa Mbeya, na Jumamosi nakaa na wanafunzi wa klabu za habari wanaoleta kazi zao tuzitazame pamoja. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa na waandishi wenzangu, na watu wa matangazo ya kilimo, na wanafunzi hao. Nikisema "picha" nina maana ya picha mnato na video pia. Nikisema "ya kutengenezwa" nina maana ya tukio lililotolewa na akili unde (wengine huiita akili mnemba), au picha halisi iliyoongezwa au kupunguzwa kitu ndani yake.

Tumezoea kuandika "Picha: Mtandao". Haitoshi?

Haitoshi. Maneno hayo yanasema umeiokota wapi, hayasemi ni picha ya nini. Msomaji anabaki hajui kama kamera iliwahi kusimama mbele ya jambo hilo.

"Maktaba" nalo lina kazi yake, na kazi hiyo ni moja tu: picha ni halisi ila ni ya siku nyingine. Aprili 2024 sehemu ya Mlima Kawetere iliporomoka na kufunika nyumba kata ya Itezi, hapa hapa jijini. Picha za siku ile ni za kweli. Ukizitumia masika nyingine kwenye habari ya mvua za Tukuyu, neno "Maktaba" peke yake linamwacha mtu akidhani ni Tukuyu. Andika "Maktaba: Itezi, Mbeya, Aprili 2024". Lakini usichukue neno hilo ukalibandika kwenye picha iliyotolewa na programu. Hakuna maktaba iliyoihifadhi, kwa sababu haikuwahi kupigwa.

Nikiongeza mwanga tu, nako niseme?

Hapana. Kukata pembe, kuongeza mwanga, kunyoosha picha iliyopinda, kurekebisha rangi iliyokuwa ya njano kwa sababu ya taa ya ukumbini: hayo ni mambo ya kawaida ya chumba cha picha na hayabadilishi kilichokuwepo. Jiulize swali moja tu: mtu aliyesimama pale siku ile, akiiona picha yako, atasema "ndivyo ilivyokuwa"? Akisita, umevuka mpaka.

Katika habari, kuongeza au kufuta kitu hakuruhusiwi hata ukiweka maelezo. Mwaka 2006 shirika la habari la Reuters lilikiri kwamba mpigapicha wake mmoja alikuwa ameongeza moshi juu ya Beirut kwa kunakili kipande kimoja cha moshi mara kadhaa. Liliacha kumtumia, na likaziondoa picha zake zote 920 zilizokuwa zinauzwa, pamoja na zile ambazo hakuna aliyezilalamikia. Siku hizi kazi ile ya moshi unaifanya kwa kidole, kwa kile kifutio kilichomo kwenye simu. Umepiga mkutano wa hadhara Rujewa, nguzo ya umeme inakera, unaigusa, inapotea. Kwenye picha ya harusi futa utakavyo. Kwenye habari iache nguzo.

Kuziba uso wa mtoto au wa mtu aliyedhulumiwa ni jambo jingine. Ukungu unaowekwa juu ya uso unaonekana waziwazi na kila mtu anajua kwa nini upo. Usizibe uso kwa kubandika uso mwingine wa kutengenezwa, maana hapo umemweka mtu asiyekuwepo.

Mara nyingi unataja "ile ya lori". Ilikuwaje?

Naieleza kwa kirefu kwa sababu karibu kila kitu ninachoshauri kilitokana nayo.

Lori lilikatika breki kwenye mteremko wa barabara ya TANZAM. Taarifa tulikuwa nayo, mashuhuda tulikuwa nao, picha hatukuwa nayo. Mwenzetu mmoja akatengeneza kwa programu kipande cha sekunde tisa: lori linashuka kwa kasi, linayumba, linalala ubavu, vumbi linatimka. Kilikuwa kizuri mno kwa macho. Sekunde mbili za mwanzo kilikuwa na maandishi madogo chini, "picha ya kuigiza". Mimi nilikipitisha.

Kabla ya saa sita mchana mtu alikuwa amekikata, akaanzia pale maandishi yanapoishia, akaweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Sekunde saba zikaanza kutembea peke yake. Jioni akanipigia mama mmoja kutoka Tukuyu. Mwanawe ni utingo wa lori. Hakuuliza kama video ni ya kweli, hilo halikumjia kabisa. Aliuliza, "Baba, waliokuwa ndani wametoka?" Nikamuuliza amejuaje kwamba ni lori la mwanawe. Akasema, "Ni la bluu."

Lori la ajali halikuwa la bluu. Rangi ile iliwekwa na programu, kwa sababu mwenzetu hakutaja rangi na programu haiwezi kuacha nafasi wazi. Mwanawe alipatikana kwenye simu usiku, yuko salama, alikuwa Makambako. Lakini kwa saa kadhaa yule mama alikuwa ameshamlilia mtoto wake kwa ajili ya rangi ambayo hakuna mtu aliyeichagua.

Makosa yalikuwa mawili, na nilidhani ni moja. La kwanza ni maandishi yaliyoweza kukatwa. La pili ni zito zaidi: picha inayofanana na ya kamera inatoa taarifa nyingi ambazo hukuziandika. Rangi ya lori, watu wangapi ndani ya kichwa, lilianguka upande gani, barabara ilikuwa na mvua au kavu. Kila kimoja ni dai, na mtazamaji anakipokea kama ushahidi.

Tulipotengeneza upya tuliacha kabisa sura ya kamera. Tulichora mteremko kwa mstari, lori kwa kisanduku cha kijivu kisicho na namba wala rangi, mshale mwekundu kuonyesha lilikoelekea, na alama ya mahali lilipoishia kama mashuhuda walivyotueleza. Sauti ikasema, "Mchoro huu tumeuchora kutokana na maelezo ya mashuhuda. Haukupigwa eneo la tukio." Habari haikupungua kitu. Tangu hapo, katika ajali, moto, mafuriko na msiba, sikubali tukio la kutengenezwa lenye sura ya kamera, liwe na lebo au lisiwe nayo. Mchoro unatosha.

Lebo yenyewe iandikweje?

Kwanza nilidhani "AI" inajulikana na kila mtu. Nikachapa picha kadhaa zenye lebo tofauti, nikaenda nazo soko la Mwanjelwa. Moja ilikuwa na herufi hizo mbili pembeni. Mama muuza viazi akaitazama, akaniuliza, "Mwanangu, hii AI ndiyo jina la redio yenu?" Jirani yake akasema ni kampuni ya simu. Si kosa lao. Pembeni mwa picha ndipo nembo za vyombo vya habari zinapokaa siku zote.

Niliyemwonyesha "Imetolewa na akili unde" alielewa nusu, alijua kuna kompyuta lakini akadhani ni kamera ya kisasa. Kilichoeleweka na wote bila kuuliza swali ni maneno haya: "Picha ya kutengenezwa. Haikupigwa kwa kamera."

Kwa hiyo tunaandika hivyo kwanza, kwa herufi kubwa. Namna ilivyotengenezwa na nani aliyeitengeneza tunaiweka kwenye maelezo ya chini, kwa sentensi kamili: "Tukio hili limetengenezwa na dawati letu kwa akili unde ili kuonyesha mpango wa stendi mpya. Jengo bado halijajengwa." Sentensi ya mwisho ndiyo inayomsaidia mtu, kwa sababu inataja kile ambacho angekiamini vibaya.

Epuka "picha ya kuigiza" kwa vitu vya programu. Maigizo yana waigizaji, watu halisi waliosimama mbele ya kamera, na msomaji anaelewa hivyo.

Iwekwe wapi, na ikae muda gani?

Ikae mwanzo hadi mwisho wa kipande, kila sekunde, na ikae juu ya picha yenyewe. Maelezo ya chini ya posti hayasafiri. Mtu akipakua video na kuirusha kwenye kundi, yale uliyoandika chini yanabaki kwako.

Usiiweke chini kabisa. Kwenye video ya wima sehemu ya chini hufunikwa na jina la akaunti na maelezo, na upande wa kulia hufunikwa na vitufe vya kupenda na kusambaza. Pembeni kabisa nako mtu anakata kwa urahisi. Tunaiweka katikati kwa upana, karibu sehemu moja ya tano ya urefu kutoka juu, ili anayetaka kuikata alazimike kukata na tukio lenyewe.

Ukitumia CapCut, andika maandishi, kisha buruta ule mstari wake hadi mwisho wa video. Watu wengi wanasahau hatua hii, na maandishi yanabaki sekunde tatu. Kwa anayefanya kazi kwenye kompyuta, amri hii ya programu ya FFmpeg inabandika lebo kwenye video nzima ya upana wa 1080 na urefu wa 1920:

```
ffmpeg -i tukio.mp4 -vf "drawtext=text='PICHA YA KUTENGENEZWA':fontsize=60:fontcolor=white:box=1:boxcolor=black@0.8:boxborderw=18:x=(w-text_w)/2:y=h*0.2" -c:a copy tukio_lebo.mp4
```

Kisanduku cheusi nyuma ya herufi si pambo. Herufi nyeupe juu ya ukungu wa milima ya Uporoto hazionekani kabisa.

Ukimaliza, itume kwa WhatsApp kwenye simu ndogo ya bei nafuu, toka nayo nje juani, uitazame. WhatsApp hubana video, na herufi nyembamba hugeuka uji. Kisha simamisha video mahali popote upendapo, upige picha ya skrini. Kama katika picha hiyo moja lebo haisomeki, kazi haijaisha, kwa sababu kuna mtu atasambaza picha hiyo moja tu.

YouTube na TikTok wana alama zao. Nikiwasha hizo si yatosha?

Ziwashe, kwa sababu ni masharti yao. YouTube inauliza wakati wa kupakia kama kuna `Altered content`, yaani jambo linaloonekana halisi lakini limebadilishwa au kutengenezwa. TikTok wana swichi ya `AI-generated content`. Shida ni ile ile ya lori: alama hizo ni mali ya jukwaa, haziko ndani ya picha. Video ikitoka pale kwenda WhatsApp inatoka uchi.

Kuna pia maelezo yanayofichwa ndani ya faili. Shirika la IPTC, linaloweka viwango vya taarifa za picha za habari, lina sehemu maalumu ya kutaja chanzo cha picha. Kwa picha iliyotolewa yote na akili unde, inaandikwa hivi kwa programu ya ExifTool:

```
exiftool -XMP-iptcExt:DigitalSourceType="http://cv.iptc.org/newscodes/digitalsourcetype/trainedAlgorithmicMedia" picha.jpg
```

Mhariri wa chombo kingine akiifungua faili hiyo ataiona taarifa. Basi tunaiandika kwa ajili yake na kwa ajili ya kumbukumbu zetu. Lakini picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, maelezo hayo hufutika. Ukitaka yafike, itume kama dokumenti. Msomaji wa kawaida hatayaona kwa vyovyote, kwa hiyo hayachukui nafasi ya maandishi juu ya picha.

Na redioni, ambako hakuna pa kuandika?

Unasema kwa mdomo, kabla ya sauti na baada yake. Redio ina wasikilizaji wanaoingia katikati: dereva wa bajaji amewasha injini tena, mtu ametoka shambani. Sauti ya kutengenezwa ikiwa ndefu kuliko nusu dakika, rudia na katikati. Sauti ya mtu halisi, awe kiongozi au mwanakijiji, kunakiliwa na programu ikasoma maneno yake hata kama kweli aliyaandika, sisi hatufanyi. Mtangazaji wetu anamsomea kwa sauti yake mwenyewe: "Katika taarifa yake, mkuu huyo anasema..."

Nauza miche ya parachichi. Nikiandika "picha ya kutengenezwa" kwenye tangazo, niko salama?

Inategemea picha inaahidi nini. Nilitumiwa tangazo la miche ya Hass kwa wakulima wa Rungwe na Njombe. Mti uliofika kiunoni, umejaa matunda hadi matawi yameinama, na mkulima anacheka. Chini, kwa herufi ndogo sana, palikuwa na lebo. Mwenye tangazo alijiona mwaminifu.

Mche wa Hass uliobebeshwa huanza kuzaa kama mwaka wa tatu au wa nne, na mavuno ya kwanza huwa machache. Picha ile ilimwambia mkulima kwamba mti wa urefu ule unabeba hivyo. Lebo inasema picha haikupigwa, haisemi kwamba jambo lililomo haliwezekani. Mkulima atafikiri, "Sawa, wamechora, lakini ndivyo itakavyokuwa." Atakopa kwa hesabu hiyo.

Nilimshauri afanye hivi. Picha ya bidhaa yenyewe, yaani mche, mahali ulipobebeshwa, mizizi na kiriba, iwe ya kamera na ya kitalu chake. Picha ya mti unaozaa iwe ya mteja wake halisi, aliyeridhia, na chini aandike umri wa mti. Akitaka akili unde, aitumie kwa mandhari: milima nyuma, anga, rangi za maandishi. Alikwenda kwa mteja wake akapiga mti wa miaka minne. Ulikuwa na matunda machache kuliko ule wa kutengenezwa, na aliuweka hivyo hivyo.

Kwa kifupi, lebo hairekebishi ahadi ya uongo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na haiulizi kama ulipotosha kwa maneno au kwa picha.

Kazi mradi yetu inahusu Isimila. Hakuna picha za watu wa zama zile. Tutumie akili unde?

Mnaweza, na hapa ndipo naona inafaa kweli, mradi mseme vizuri. Isimila, karibu na mji wa Iringa, ni mahali palipopatikana zana za mawe za kale sana, yakiwemo mashoka ya mkono yaliyochongwa pande zote mbili. Zana hizo zipo, mnaweza kwenda kuziona kwenye bonde lile lenye nguzo za udongo.

Kundi moja la kidato cha tatu waliniletea picha ya watu watano wamekaa kando ya moto, wamevaa ngozi, wanachonga mawe, na nyuma yao nguzo zile zimesimama. Waliandika chini, "Imetengenezwa kwa akili unde." Nikawaambia tuchukue kalamu tuipitie. Mawe yanayochongwa: ushahidi upo. Moto: mmeutoa wapi? Kimya. Ngozi: kimya. Nyuso: hakuna anayezijua. Kisha binti mmoja akasema mwenyewe, "Mwalimu, hata nguzo. Zimechongwa na mmomonyoko. Huenda wakati ule hazikuwepo hivi." Alikuwa sahihi, na hakuna kitabu kilichomwambia. Aliona kwa sababu tuliipitia picha kipande kwa kipande.

Maelezo yao ya mwisho yalikuwa hivi: "Picha hii tumeitengeneza kwa akili unde. Zana za mawe zimefuata zile zinazoonekana Isimila. Moto, mavazi, sura za watu na mandhari ya nyuma ni makisio yetu." Kando yake wakabandika picha ya shoka la mkono waliyoipiga wenyewe walipotembelea. Kwenye ukurasa wa mwisho wakaandika jina la programu, tarehe, na maneno kamili waliyoiandikia. Hayo ya ukurasa wa mwisho yaandikeni siku ile ile, kwa sababu baada ya wiki hamtayakumbuka.

Mwalimu akijua tumetumia akili unde si atatupunguzia alama?

Muulizeni kabla ya kuanza, si siku ya kukusanya. Akikataa, choreni kwa penseli. Wanaoingia matatani ni wale waliowasilisha picha ya kutengenezwa kama ushahidi: kwa mfano, wametakiwa kupanda maharage na kupiga picha kila wiki, wiki ya tatu wakasahau, wakaitengeneza. Hapo kuweka lebo hakusaidii, kwa sababu kilichotakiwa ni kipimo. Acheni nafasi ya wiki ya tatu wazi na muandike "hatukupima".

Kuna adhabu ya kisheria?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamhusu anayechapisha taarifa, ikiwemo picha, akijua ni ya uongo au ya kupotosha na akikusudia kudanganya umma. Faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lebo iliyo wazi inaonyesha kwamba hukukusudia kudanganya. Lebo iliyofichwa inaweza kusomwa kinyume chake.

Tumeshakosea, na video imeshasambaa. Tufanye nini?

Usifute kimyakimya. Ukifuta, nakala zilizoko kwenye makundi zinabaki bila mtu wa kuzikanusha, na aliyekuja kwako kuuliza anakuta patupu.

Sisi siku ile ya lori tulichelewa, lakini tulichofanya hatimaye ndicho ninachokipendekeza. Tulichukua picha moja kutoka kwenye video ile, tukaivusha mstari mwekundu kutoka kona hadi kona na maneno "HAIKUTOKEA HIVI", ili yeyote atakayeisambaza asambaze na mstari wake. Chini tukaandika sentensi tatu: video ilitengenezwa na sisi, rangi ya lori na namna lilivyoanguka si za kweli, ajali yenyewe ni ya kweli na taarifa zake ni hizi. Tukaituma kwenye makundi yale yale tuliyotuma mwanzo, na tukawaomba watu waipeleke kokote walikopeleka ya kwanza. Video ya awali tuliibadilisha mahali pale pale ilipokuwa, na maelezo ya kosa yakabaki juu yake.

Kisha nilimpigia yule mama wa Tukuyu. Nilimweleza kwamba video tuliitengeneza sisi wenyewe, kwamba lori la bluu halikuwepo, na kwamba niliyeipitisha ni mimi. Alinyamaza kidogo. Akaniuliza sasa ile iliyoko kwenye simu ya dada yake aifute vipi, nikabaki naye kwenye laini nikimwelekeza hadi akaifuta.